Kifungu cha Tisa

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Neema alipokuwa akidurusu somo la takwimu: kampuni moja ya kubeti ilikuwa ikimpa 10,000 za bure, mradi ajisajili na kuweka 5,000 zake kabla ya saa sita usiku. Salio lake lilikuwa 7,000, na mkopo wa masomo ulikuwa bado haujaingia.

"Unasubiri nini?" aliuliza Saidi, mwanafunzi mwenzake, ambaye alikuwa amejisajili tangu juzi. "Unaweka tano, wanakupa kumi, unatoa zote kumi na tano."

Jina na namba ya simu alikwisha kuvijaza. Kilichobaki kilikuwa kuweka alama ya kukubali. Chini yake palikuwa na maandishi madogo ya kijivu, "Vigezo na masharti kuzingatiwa", na Neema alipoyagusa ukafunguka ukurasa mrefu ambao pengine hata walioutunga hawakutarajia usomwe. Vifungu vya mwanzo vilihusu umri na vitambulisho. Cha tisa alikisoma mara mbili: bonasi na ushindi wowote utokanao nayo havitatolewa mpaka mteja awe amebeti jumla ya mara 20 ya bonasi pamoja na pesa aliyoweka, ndani ya siku 7, kwa odi zisizopungua 1.80.

"Mara ishirini ya kumi na tano ni laki tatu," alisema.

"Si laki tatu za mfukoni," Saidi alipinga. "Ni pesa ileile inayozunguka."

Hilo lilikuwa kweli, na ndipo mtego ulipojificha, kwa kuwa kila mzunguko una makato yake yasiyoandikwa popote. Neema alifungua mechi ya tenisi iliyokuwa na odi 1.90 kila upande, akageuza daftari. Anayeweka 100 kwa mchezaji huyu na 100 kwa yule ametoa 200, na yeyote akishinda hurudishiwa 190. Kumi imebaki kwa kampuni, yaani tano katika kila mia. Kwa kiwango hicho, kuzungusha 300,000 humgharimu mteja, kwa wastani, 15,000: bonasi yote pamoja na pesa yake mwenyewe. Wapo wanaobahatika, lakini hesabu ya kampuni haimtegemei mmoja.

Alifunga ukurasa bila kuweka alama. Saidi naye akafungua akaunti yake, akakuta salio la 9,000.

"Basi mimi nichukue tano zangu, hizo nyingine wabaki nazo."

Neema aliomba ile simu, akateremka hadi kifungu cha kumi na moja, akamsomea polepole: kila dau hukatwa kwanza kwenye pesa ya mteja, na bonasi huanza kutumika pesa hiyo ikiisha.

"Tano zako ziliisha kwanza, Saidi. Hiyo tisa yote bado ni yao."