Yah: Maelezo yanayohitajika ili barua ya shamba la zabibu iandikwe

Nzuguni, Dodoma
12 Mei 2025

Mzee wangu, shikamoo.

Mjukuu wako amenifikishia karatasi yako pamoja na shilingi 5,000, nami nimezipokea. Karatasi inasema, "Niandikie barua nzuri ya shamba la zabibu la Chamwino, nitaifuata Alhamisi." Sijaanza kuandika, kwa kuwa haisemi barua inakwenda kwa nani, wala unataka mpokeaji afanye nini baada ya kuisoma.

Naomba usione kuwa nakuchelewesha. Shamba moja linaweza kuzaa barua nyingi zisizofanana hata kidogo. Ikiwa unatafuta hati ya hakimiliki ya kimila, maombi hupelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji kwa fomu maalumu, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na huenda usihitaji barua yangu kabisa. Ikiwa jirani amesogeza mpaka na unataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwakutanishe, nitahitaji kujua mpaka huo ulitambulika kwa alama gani, ulisogezwa lini na nani alishuhudia; na kwa kuwa kazi ya Baraza hilo ni kusuluhisha, nitaiandika kwa maneno ya upole, maana barua ya ukali yaweza kuharibu mazungumzo kabla hayajaanza. Lakini ikiwa shamba ni la marehemu na ndugu wanataka kugawana, hayo ni mambo ya mirathi, ambayo huanza na kikao cha ukoo, muhtasari wake na cheti cha kifo, kisha mahakama. Siwezi kupokea fedha yako kwa barua ambayo haitafungua mlango huo.

Vilevile yawezekana ni mnunuzi aliyechukua zabibu bila kulipa. Hapo nitataka jina lake, kilo alizochukua, bei mliyokubaliana na tarehe.

Kwa hiyo naomba unijibu: unamwandikia nani, kwa cheo au kwa jina, ni jambo gani limetokea, na unaomba nini hasa. Unieleze pia kama umewahi kumwandikia mtu huyo, na alijibu nini, kwa sababu barua ya pili lazima iitaje ya kwanza. Jina lako nitaliandika kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, hivyo tuma nakala yake pamoja na karatasi zozote za shamba ulizonazo; zile halisi zibaki nyumbani.

Ukipenda, mweleze mjukuu wako kwa mdomo anipigie simu, nami nitaandika anavyosema kisha nikusomee kabla ya kuchapa. Nikipata majibu kufikia Jumatano mchana, Alhamisi utaikuta tayari. Fedha yako naihifadhi, na ikionekana barua haihitajiki, nitairudisha yote.

Kijana wako,
Mwandishi wa barua, steshenari ya Nzuguni