Maelekezo ya kazi ya nje: kusajili miti ya shule kwa GPS ya simu, Kidato cha 3, Jumamosi saa 1 na nusu asubuhi

Someni karatasi hii kabla hamjatoka darasani, sio mkishafika chini ya mwembe ndo mnaanza kuulizana. Kila kundi lina karatasi moja, msikunje zile namba za mfano.

Tunachofanya ni ramani ya miti yote ndani ya uzio wa shule yetu hapa Moro. Kila mti tunataka kujua uko wapi, ni mti gani na una unene gani, basi. Makundi yako 6 (A mpaka F), kila kundi watu 5, simu moja. Simu ni za walimu na za wazazi waliotuazima, kwahiyo hakuna kufungua galari ya mtu, hakuna kupiga selfi, hakuna kusoma meseji za mama wa mwenzio. Simu ya kundi C imepasuka kona ya skrini, najua, imekuja hivyo hivyo, msije mkasingiziana.

Gaweni kazi kabisa: mmoja anashika simu, mmoja anaandika, wawili wapo kwenye tepu, wa tano anatangulia kuangalia mti unaofuata na kuandika namba kwa chaki. Anayeshika simu haandiki, na anayeandika anarudia kwa sauti kile alichosomewa, dijiti moja moja, kama wale wa M-Pesa wanavyohakikisha namba.

Vitu vya kubeba

Simu yenye chaji isiyopungua asilimia 70, daftari, penseli mbili (sio peni, mvua ikinyesha wino unakimbia), chaki, tepu ndefu ya mita 30, tepu ya fundi cherehani, kamba, dira na maji ya kunywa. Tepu ya cherehani inaishia sentimita 150, kwa miti minene zungusheni kamba alafu pimeni kamba. Viatu vya kufunika mguu. Kule nyuma ya jikoni kuna upupu, mnaujua wenyewe, wa mwaka jana waliusimulia.

Kuamsha GPS

Fungua Location kwenye simu, hakikisha Airplane mode imezimwa na battery saver pia, maana ikiwa kwenye kubana chaji simu inaibania GPS na unapata namba za zamani. Watu wanadhani GPS inakula bando, haili. Simu inasikiliza tu satelaiti, bando linasaidia tu kuzipata haraka mwanzoni. Bila bando kila satelaiti inarudia taarifa za mahali ilipo kila sekunde 30, kwahiyo simu ikitoka ndani kwenye droo inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla haijatulia. Ndo maana tunaanza wote kwenye mlingoti wa bendera, uwanjani, mbingu wazi, simu imeshikwa usawa wa kifua skrini juu, na tunasubiri dakika 5 bila kuihamisha. Ndio, 5. Pigeni stori.

Msitumie Google Maps kubonyeza mti kwenye ramani alafu mkaandika namba inayotokea. Pale unapobonyeza unapata mahali kidole chako kilipogusa, sio mahali uliposimama. Tumieni ile app ya GPS niliyowaonesha Jumatano, inayotoa Latitude, Longitude na Accuracy.

Accuracy, hapa ndo kazi yote ilipo

Simu ikisema Accuracy 5 m haimaanishi mti uko pale kwenye nukta. Inamaanisha chora duara la mita 5 kuzunguka ile nukta, na kwenye mara 10, kama 7 hivi ndo utakuwa kweli ndani ya duara. Zile 3 uko nje kabisa. Simu ya kawaida mbingu ikiwa wazi inacheza karibu na mita 5, hata ukinunua ya milioni moja na nusu haitakuonesha mti kwa sentimita.

Sasa chini ya mti ndo mambo yanaharibika. Majani mabichi yana maji na maji yanadhoofisha mawimbi, mabati ya bweni na ukuta vinarudisha mawimbi kama sauti ya mtu anayepiga kelele bondeni, simu inasikia mwangwi inadhani satelaiti iko mbali zaidi. Na sisi tuna Uluguru upande wa kusini, inakata kipande cha mbingu. Mtakuta mti uleule, mmesimama palepale, namba inatembea yenyewe polepole. Sio simu mbovu.

Sheria zetu ni hizi. Fika kwenye shina, simama ukiligusa kwa mgongo upande ule wenye mbingu wazi zaidi, subiri dakika 1 nzima, angalia Accuracy. Ikiwa 6 au chini, andika. Ikiwa zaidi ya 6, subiri dakika nyingine. Ikigoma bado, toka chini ya mti mpaka mahali pa wazi, chukua namba pale, alafu pima kwa tepu kutoka ulipo mpaka kwenye shina na usome dira mti uko upande gani. Mnaandika "mita 7.5, mti uko kaskazini mashariki yangu". Hesabu ya kuusogeza tutafanya darasani, msiifanye wenyewe kichwani porini.

Kuna wakati mtapata 12 na hakuna pa wazi karibu. Andikeni 12. Naomba sana hapo. Namba mbaya iliyoandikwa kama ilivyo naweza kuifanyia kazi, ila 12 iliyogeuzwa 4 ili kundi lionekane zuri inaniharibia ramani na siwezi hata kujua iko wapi.

Namba zenyewe

Tunaandika kwa nyuzi za desimali, dijiti 5 baada ya nukta. Hivi:

```
id,lat,lon,acc,aina,mzingo_cm,saa
A07,-6.83412,37.66871,4,mwarobaini,142,08:25
```

Dijiti ya tano ni kama mita 1.1 ardhini, ya nne ni mita 11, ya tatu ni mita 110. Ukiandika -6.834 tu umeniambia mti uko mahali fulani kwenye shule nzima, asante lakini nilikuwa najua. Simu ikikupa dijiti 7 andika 5, zile mbili za mwisho ni mapambo.

Ile alama ya kutoa sio uchafu wa skrini. Tuko kusini mwa ikweta kwahiyo lat ni hasi siku zote. Mwaka jana kundi moja liliacha alama hiyo miti 14, tulipoifungua kwenye kompyuta miarobaini yetu yote iko kusini mwa Ethiopia, jirani na mji wa Sodo. Kundi lingine walibadilisha nafasi, 37 wakaweka kwenye lat na -6 kwenye lon, mjohoro ukaenda kuota Uhispania. Tulicheka siku hiyo ila mimi ndo nilikaa mpaka saa 4 usiku narekebisha.

Kingine, kama app inaonesha alama za dakika na sekunde, mfano 6°50'03", badilisheni kwenye settings kwanza. Mtu akiona hiyo akaandika 6.5003 ameusogeza mti kama kilomita 37 kuelekea kaskazini. Na saa andikeni kama ilivyo kwenye simu, 08:25, sio saa mbili na dakika 25, tukichanganya mtindo hatutajua nani alipita lini.

Mlingoti kwanza, mlingoti mwisho

Kila kundi linasajili mlingoti wa bendera likianza na likimaliza, kwa id ya `A00` na `A99` (B wanaandika `B00`, na kuendelea). Mlingoti hautembei. Kwahiyo makundi yote yakitoa namba zinazokaribiana vizuri, lakini kundi E peke yake liko mita 9 magharibi asubuhi na mchana, najua simu yao inavutia magharibi na naisoma miti yao nikijua hilo. Mkisahau mlingoti miti yenu yote inabaki bila shahidi.

Ile safu ya mikrismasi ya getini

Imepandwa kila baada ya mita 4 hivi. Kosa la simu ni mita 5, sasa hapo simu haiwezi kujua upo mti wa tatu au wa nne, mkipima mmojammoja mtapata ramani ya ulevi. Kundi B, sajilini mti wa kwanza na wa mwisho tu kwa GPS, vizuri kabisa, dakika 2 kila mmoja, iliyobaki katikati vuteni tepu toka mti wa kwanza na andikeni umbali: 4.1, 8.0, 12.3 na kuendelea. Tepu ikiisha kwenye mita 30, wekeni alama ya chaki na muendelee kuhesabu kutokea hapo, msianze sifuri. Mtindo huohuo kwa miti yoyote iliyokaribiana kuliko mita 5, popote ilipo.

Unene na jina

Mzingo unapimwa mita 1.3 kutoka chini, sio pale panapokuja rahisi. Pimeni hiyo 1.3 mara moja kwenye mwili wa mmoja wenu, kwa wengi itaangukia kifuani, huyo ndo rula yenu siku nzima. Tepu izunguke imenyooka, isipande upande mmoja. Shina likigawanyika chini ya hapo pimeni kila tawi na muandike yote. Mzingo wa 142 ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha sentimita 45, hiyo pia tutafanya darasani.

Jina andikeni mnaloitia nyumbani, mwarobaini, mjohoro, mwembe, mtiki, mkangazi. Msioujua andikeni "sijui" na mchukue picha mbili, jani moja juu ya daftari na gome kwa karibu, bila mtu kwenye picha. Jani lililoanguka linatosha. Namba kwenye shina ni chaki tu, nikikuta mtu amekwangua gome kwa kisu atamwagilia huo mti mpaka tufunge shule.

Hakuna kupanda. Mwembe wa karibu na tanki una nyuki, kundi D mtausajili kwa mbali, mita 15 kwa tepu na dira. Mvua ikianza rudini barazani, simu ndani ya mfuko wa plastiki. Radi ikisikika hata kwa mbali msingoje mvua, rudini hapohapo.

Saa 5 kamili wote mlingotini, sajilini namba zenu za mwisho, alafu mnikabidhi simu ikiwa na chaja yake na daftari likiwa na sahihi za watu 5. Wa kundi A wanaosha viazi, uji na viazi vitakuwa tayari kama saa 5 na nusu.