Naomba tena ile kazi ya fundi wa gari za haibridi

Habari yako bosi,

Ni Wekesa, yule fundi alikuja intavyu kwa garaji yenu hapo Inda mwaka jana, nikashughulikia ile pikapu ilikuwa inatoa moshi. Mliniambia wazi dizeli naiweza lakini gari nyingi zinaingia kwenu ni haibridi na mimi sikuwa nimewahi kufungua betri ya haibridi hata moja, halafu sikuwa na karatasi ya ufundi. Naandika tena juu hayo mawili yamebadilika na bado ni kwenu nataka kufanya kazi.

Karatasi kwanza. Nilifanya tred testi ya NITA, gredi ya 2, umekanika wa magari, nikapita. Cheti nimeambatanisha pamoja na sivii mpya.

Haibridi nimejifunzia Kariobangi kwa fundi mmoja anafanya hizo tu, nilianza kwa kumsaidia lakini saa hii ananiachia gari nzima. Wacha nikupe mfano mmoja. Kuna jamaa wa teksi alileta Aqua inawasha taa, skana inasoma P0A80, na kwingine walikuwa wamemwambia anunue betri mpya. Nilizima gari, nikavaa glavu za raba, nikachomoa ile plagi ya rangi ya chungwa nikangoja dakika 10 ndio nishike kitu, juu hiyo betri ni volti 144 na haina mchezo. Feni ya kupoza betri ilikuwa imejaa vumbi na nyuzi za kiti, hewa haipiti kabisa. Nikapima moduli zote 20 moja moja nikiwa nimezipa mzigo, mbili zikawa zinashuka haraka kuliko zingine. Nikaosha feni, nikabadilisha hizo mbili na zenye zinalingana na zingine, nikasafisha zile bamba za shaba. Na nilimwambia ukweli kwamba moduli zingine ni za zamani, zinaweza kufuata, asije akadhani amepata betri mpya. Bado analeta gari kwangu na ametuma madereva wenzake.

Hiyo ya kumwambia kastoma ukweli naichukulia kwa uzito sana bosi, mtu wa teksi gari ikilala siku moja nyumbani hakuna kitu.

Inveta bado sijazifungua mpaka ndani, hiyo ningependa kujifunza kwenu juu najua fomani wenu anaziweza. Dizeli pia sijaacha.

Sijui kama kuna nafasi saa hii, lakini hata kama hakuna nipeni gari moja yenye imewasumbua niifanye mkiangalia, siku hiyo sitadai kitu. Jumatatu na Jumanne asubuhi niko fri. Namba ni ileile iko kwa sivii, na fundi wangu wa Kariobangi amekubali mumpigie mumuulize kunihusu, yake nimeiweka hapo chini ya yangu.

Asante sana bosi, nangoja kusikia kutoka kwako.

Wekesa