MUHTASARI WA KIKAO CHA MPANGO WA ELIMU WA MTU BINAFSI: BARAKA, DARASA LA NNE B

Kikao kilifanyika Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, ofisi ya Mwalimu Mkuu, Manispaa ya Morogoro.

Waliohudhuria: Mwalimu Mkuu (Mwenyekiti), Mwalimu wa Darasa ambaye pia anafundisha Hisabati, Mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu wa Malezi na Ushauri Nasaha, Mwalimu wa Elimu Maalumu (Katibu), Baba Baraka na Mama Baraka. Baraka mwenyewe, miaka 10, aliingia kwa robo saa ya mwisho. Afisa Elimu Maalumu wa Manispaa alitoa udhuru, atapelekewa nakala.

1. Kufungua kikao
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:15 asubuhi, akawashukuru wazazi kwa kuacha shughuli zao. Alieleza kuwa kikao hakikuitishwa kwa sababu ya kosa la mtoto. Baba Baraka alisema ni vizuri limesemwa mapema, maana alipopata barua alijua anaitiwa kesi.

2. Hali ya mwanafunzi
Baraka ana ualbino na uoni hafifu. Mwalimu wa Darasa alisema anajibu vizuri kwa mdomo, lakini daftari lake halijai na majaribio ya Hisabati ya mwezi Januari alipata 4 kati ya 20.

Katibu aliweka mezani madaftari mawili. La Kiswahili, ambalo sehemu kubwa ni imla, lina kurasa zilizojaa na mwandiko mkubwa unaosomeka. La Jiografia na Mazingira, linalonakiliwa ubaoni, lina mistari mitatu au minne kila ukurasa, kisha nafasi tupu. Mama Baraka alilifunua taratibu, akasema nyumbani walidhani mtoto anacheza darasani.

Likafunguliwa daftari la Hisabati. Swali la 6 ubaoni lilikuwa 38 + 47. Baraka aliandika 33 + 47, akapata 80, akawekewa mkasi. Jumla yake ni sahihi. Tarakimu ndiyo aliyoiona vibaya. Katika maswali 16 aliyokosa, 9 yako hivyohivyo. Mwalimu wa Darasa alikiri kuwa alisahihisha majibu bila kutazama swali lililonakiliwa, na akaomba iandikwe. Imeandikwa.

Katibu alitoa pia matokeo ya kusoma kwa sauti aliyopima tarehe 5 Februari: kitabu cha kawaida, maneno 22 kwa dakika, uso ukiwa kama sentimita 8 kutoka kwenye karatasi; kifungu cha ugumu uleule kilichokuzwa, maneno 41 kwa dakika.

Baba Baraka aliuliza kwa nini miwani waliyonunua mwaka jana haijamaliza tatizo. Katibu alifafanua kuwa upungufu wa rangi ya asili huathiri jicho tangu tumboni: sehemu ya katikati ya retina, ile ya kuonea vitu vidogo, haikomai vizuri, na macho huchezacheza yenyewe. Miwani husaidia kiasi, haiwezi kuirudisha sehemu hiyo. Mwanga mkali nao humuumiza. Ndiyo maana kumhamishia dawati la mbele kando ya dirisha, jambo tulilofanya Novemba tukidhani tunamsaidia, kulimzidishia shida.

Mwalimu wa Kiswahili aliuliza kuhusu kuinamisha kichwa upande wa kushoto, kwani amekuwa akimwambia “kaa vizuri”. Jibu: huo ndio mkao ambao macho yake hutulia. Aachwe.

3. Maelezo ya wazazi
Mama Baraka alisema kinachomnyima usingizi ni saa ya kurudi nyumbani. Mtoto anabakizwa kumalizia notisi, anafika magharibi, na njia inapita kwenye mashamba ya miwa. “Mwalimu, nyie mnaona notisi. Mimi naona giza,” alisema. Hakuna aliyekuwa na la kujibu, na Mwenyekiti aliagiza hapohapo kubakizwa kukome kuanzia leo.

Alilalamika pia kuwa mtoto huvuliwa kofia mstarini. Mwenyekiti alisema utaratibu wa sare haumhusu mtoto mwenye ualbino na walimu wa zamu watajulishwa.

4. Taarifa ya ushauri nasaha
Mwalimu wa Ushauri alikutana na Baraka mara tatu. Wenzake humwita “Mzungu”. Kwa maneno yake mwenyewe hilo amelizoea, ingawa Mwalimu hakulichukulia kuwa dogo. Kinachomuumiza zaidi ni alama kusomwa mbele ya darasa. Ana rafiki mmoja wa karibu anayekaa naye dawati moja na humsomea ubao kwa kunong’ona. Mara mbili wameadhibiwa kwa kupiga soga.

5. Makubaliano
(a) Baraka atakaa safu ya kati, dawati la pili, mgongo ukiwa upande wa dirisha, pamoja na rafiki yake. Kumsomea ubao si kupiga soga. Mwalimu wa Darasa, kuanzia Ijumaa 14 Februari.
(b) Kila mwalimu atasoma kwa sauti anachoandika ubaoni. Kwa darasa la wanafunzi 84, hili litawafaa na wengine wa nyuma.
(c) Notisi na majaribio yatatolewa nakala iliyokuzwa kutoka A4 kwenda A3. Shule italipia steshenari kutoka fungu la uendeshaji. Katibu atakusanya kazi za wiki kila Ijumaa.
(d) Hisabati: kwanza itazamwe kama swali limenakiliwa sawa. Likiwa limekosewa, hesabu isahihishwe kwa tarakimu alizoandika. Alama za mwanafunzi yeyote wa darasa hili hazitasomwa hadharani.
(e) Kofia pana na mikono mirefu wakati wote wa nje. Wazazi watafuata losheni ya kukinga jua kliniki. Chupa moja itakaa kwa Katibu, apakwe tena saa 4 wakati wa mapumziko. Usafi wa bustani atafanya asubuhi tu.
(f) Wazazi watampeleka kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa kabla ya tarehe 14 Machi, kupimwa upya na kuulizia kioo cha kukuzia na darubini ndogo ya mkono. Katibu ataandika barua ya rufaa.
(g) Mwalimu Mkuu atamsajili kama mtahiniwa mwenye uoni hafifu katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, apate karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati, 10 kwa masomo mengine.
(h) Mwalimu wa Ushauri atazungumza na darasa zima kuhusu ualbino, Baraka akiwa amekubali kwanza, na ataendelea kumwona kila Jumatano.

6. Jambo ambalo halikuafikiwa
Baba Baraka anapendelea mtoto ahamie shule ya bweni yenye kitengo cha elimu maalumu. Mama Baraka hataki. Walimu walishauri mpango huu upewe nafasi kwanza. Litarudi kwenye tathmini.

7. Baraka
Alisomewa makubaliano. Aliyakubali yote isipokuwa (h): hotuba ifanyike siku ambayo yeye hayupo darasani. Imekubaliwa. Aliuliza kama lile swali la 6 atapewa alama yake. Mwalimu wa Darasa alichukua kalamu nyekundu akairekebisha hapohapo.

8. Tathmini
Alhamisi, 15 Mei 2025, saa 4:00 asubuhi, ofisi hiihii. Yataletwa: madaftari matatu yaleyale, kipimo kipya cha kusoma, hesabu ya makosa ya kunakili (sasa 9 kati ya 16), na majibu ya kliniki.

Kikao kilifungwa saa 5:50 asubuhi. Wazazi wamesomewa muhtasari, wamepewa nakala na wametia saini pamoja na Mwenyekiti na Katibu.