Barua ya Shukrani kwa Mgeni Wetu wa Warsha ya Kuhifadhi Mahindi

Kikundi cha Wakulima,
Lugari, Kaunti ya Kakamega.

Kwako Daktari,

YAH: SHUKRANI KWA MAFUNZO YA KUHIFADHI MAHINDI

Hatujambo huku Lugari, na tunatumai ulifika salama licha ya mvua iliyokukuta njiani. Wanachama wamenituma nikushukuru kwa niaba yao. Asante sana.

Wengi walikuja wakidhani watasomewa makaratasi. Ulipotoa chupa kavu, ukatia konzi za mahindi ya Mzee mwenyekiti, ukanyunyizia chumvi kavu na kuitikisa, hata waliokuwa nje wakiongea na simu waliingia. Chumvi iling'ang'ania kioo. Na hayo ndiyo mahindi ambayo mzee alikuwa akiyang'ata kwa jino na kuapa kwamba yamekauka! Tangu siku hiyo chumvi imepanda cheo hapa. Hatujasahau onyo lako, lakini: chupa hutambua unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, ilhali mahindi ya kuwekwa ghalani yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13.5. Kwa hiyo tumekubaliana kuchanga tununue kipima unyevu kimoja cha kikundi.

Somo la sumukuvu ndilo lililotuingia zaidi. Uliposimulia ya mwaka 2004 kule Ukambani, watu zaidi ya mia moja wakafa kwa kula mahindi yenye kuvu, ukumbi ulinyamaza. Tulikuwa tukiamini kwamba moto wa ugali unamaliza kila kitu. Sasa tunajua sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na kwamba punje huweza kuonekana safi na bado ikawa nayo. Akina mama wawili wameacha kuwapa ng'ombe mahindi yaliyooza, baada ya kusikia kwamba sumu hupitia kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Kuhusu yale ya kupikia busaa, nitasema ukweli: ubishi bado upo, hasa kwa wazee. Tunaendelea nao polepole.

Magunia yasiyopitisha hewa nayo yamepata wateja. Kilichowavutia watu ni kwamba fukusi hufa kwa kukosa hewa, bila dawa, mradi mifuko ya ndani isitobolewe na kila mmoja ufungwe peke yake kwa kukazwa. Kijana mmoja tayari ameanika mavuno yake juu ya turubai badala ya ukingo wa barabara.

Tuna ombi moja. Swali kuhusu kukausha wakati mvua haikatiki mwezi wa Oktoba na Novemba halikupata muda wa kutosha. Ukipata nafasi kabla ya mavuno, tutafurahi urudi tulijadili hilo peke yake, na ikiwezekana ututajie kipima unyevu kinachofaa mfuko wa mkulima mdogo. Chai na mandazi havitakosekana.

Wako mwaminifu,
Katibu wa Kikundi