Yah: Sistimu ya mauzo inagoma jioni na kuingiza mauzo mara mbili

Kwa ndugu zangu wa sapoti,

Habari za kazi. Mimi ni yule mama mwenye duka la vyakula na sabuni Barabara ya 12 hapa Tanga, nina mashine mbili, moja kaunta moja stoo. Kwa simu nishaongea mpaka nimechoka, jibu ni lile lile "mama zima uwashe", nawasha inakaa vizuri, kesho jioni yale yale.

Iko hivi. Kuanzia saa kumi na mbili watu wakitoka makazini foleni inajaa, binti wa kaunta anaskani vizuri, jumla inakuja, akibonyeza Lipa kale kaduara kanazungukaaa halafu kinatokea kiboksi chekundu:

```
SQLite Error 5: 'database is locked'
```

Risiti haitoki, mteja kashika hela anasubiri, basi binti anabonyeza tena inakubali. Kumbe na ile ya kwanza ilishaingia! Ijumaa iliyopita kuna mteja alichukua sukari kilo 5, mafuta lita 3 na mche wa sabuni, 34,500, kwenye ripoti nakuta risiti 4182 na 4183, bidhaa zile zile, dakika ile ile. Stoku imekatwa mara mbili, na jioni Z ripoti inasoma mauzo makubwa kuliko hela ya kwenye droo. Binti wa watu anaonekana mwizi bure. Na TRA wao wanasoma kilichofika kwao, hayo maelezo yangu ya duara na kiboksi nitampa nani?

Halafu kuna kitu nimekichunguza naomba msikipuuze. Inagoma pale kijana wa stoo akiwa amefungua ripoti ya stoku, au ile alama ya bakapu ikiwa inazunguka chini kulia. Jumapili stoo tunafunga, tunauzia mashine moja tu, haijagoma hata siku moja. Mimi sio fundi ila naona kama mashine mbili zinagombania faili moja.

Ninachoomba: bakapu muihamishie saa tano usiku, duka limefungwa. Lipa ikikwama iseme wazi mauzo yameingia au hayajaingia, maana hapo ndo shida yote inapoanzia. Na hizo risiti pacha mzirekebishe kwa utaratibu unaokubalika TRA, sio fundi aingie kwa remoti afute kimya kimya, nikikaguliwa namba zimeruka nitajibu nini.

Picha za skrini na ripoti ya Ijumaa nimeambatanisha. Fundi aje mwenyewe, asubuhi kabla ya saa nne, na mashine zote mbili ziwe zinauza akiwepo aone kwa macho yake. Malipo ya mwaka yanaisha mwezi ujao, sitalipia mpaka hili liishe. Na mnijibu kwa maandishi jamani, simu tumeshapigiana vya kutosha.

Mama Zuhura
Duka la Barabara ya 12, Tanga