Wimbo Ughaibuni: Kumbukumbu na Utambulisho katika Jamii za Wahamiaji

Makala haya yanajadili swali moja: kwa nini wimbo hudumu katika jamii iliyohama, hata baada ya lugha ya mazungumzo kusahaulika? Jibu lililozoeleka ni kwamba wimbo ni ghala la mila. Kwa maoni yangu jibu hilo halitoshi, kwa sababu wimbo usipoimbwa hupotea, na watu hawaimbi ili kuhifadhi bali huimba kwa kuwa kuna jambo: mtoto analia, bibi arusi anaandaliwa, maiti anasindikizwa. Hoja yangu ni kwamba wimbo huishi ughaibuni pale shughuli yake inapoendelea kufanyika, au inapopatikana shughuli nyingine ya kuupokea.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatokana na uhamaji wa kulazimishwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1930, mwanaisimu Lorenzo Dow Turner, aliyekuwa akichunguza lugha ya Wagullah, wazawa wa Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani, alimrekodi Amelia Dawley huko Harris Neck, katika pwani ya Georgia nchini Marekani, akiimba wimbo mfupi ambao baadaye ulitambuliwa kuwa ni wa Kimende, lugha ya Sierra Leone. Dawley alimrithisha binti yake, Mary Moran, naye akauimba maisha yake yote bila kujua maana ya maneno yake. Katika miaka ya 1990, watafiti Joseph Opala, Cynthia Schmidt na Tazieff Koroma waliufuatilia hadi kijiji cha Senehun Ngola, wakamkuta Baindu Jabati, ambaye alifundishwa na bibi yake wimbo unaofanana sana na ule. Kule ulikuwa wimbo wa maziko, ukiimbwa na wanawake kando ya kaburi. Mwaka 1997 Moran alifika kijijini hapo pamoja na jamaa zake. Tuutazame kwa karibu urithi huu: huku Georgia sauti ilibaki na maana ikaondoka, kule Sierra Leone maana ilibaki kwa sababu bibi mmoja alimtaka mjukuu wake asiuache. Kilichodumu Georgia hakikuwa ujumbe, kwani mwishowe hapakuwa na aliyeuelewa. Ilikuwa ni kumbukumbu ya mdomo na ya sikio, iliyopita kutoka kwa mama hadi kwa binti.

Msomaji wa Kiswahili atayatambua hayo hayo kwa Wasidi wa Gujarati, nchini India, ambao ni wazawa wa Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi kwa karne kadhaa, wengi wao wakiwa watumwa. Lugha za asili hawazungumzi tena, lakini mchezo wao wa ibada unaitwa goma, neno ambalo halihitaji mfasiri kwetu, na katika nyimbo zao za kumsifu mtakatifu wao, Bava Gor, yamesalia maneno yenye asili ya Kiswahili. Hapa ibada ndiyo iliyobeba wimbo. Ngoma imepata makao mapya penye ziara ya mtakatifu, na kwa hiyo ina siku yake na watu wake.

Kinyume cha kusalia ni kugeuka, na huko nako kuna kumbukumbu. Kati ya mwaka 1845 na 1917, vibarua wa mkataba walichukuliwa kutoka India hadi Trinidad, wengi wao wakiwa wazungumzaji wa Kibhojpuri. Wanawake waliendelea kuimba nyimbo za mkesha wa harusi, zenye mizaha na mafumbo, mbali na macho ya wanaume. Kutokana na nyimbo hizo, pamoja na mahadhi ya kalipso na soca, mitindo ya muziki wa Karibiani, ukazaliwa muziki wa chatni, unaochezwa hadharani na kuchanganya Kibhojpuri, Kihindi na Kiingereza. Wapo wanaouona mchanganyiko huo kuwa ni upotevu. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa wajukuu wa vibarua hao hawakuwa na nyumbani pengine pa kurudi, na wimbo wao unasema walipo pamoja na walikotoka.

Ni kweli pia kwamba wimbo huchagua. Wakimbizi wa Asia Ndogo, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, walioingia Ugiriki baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki vilivyomalizika 1922 na mkataba wa Lozani wa 1923 wa kubadilishana watu kati ya nchi hizo mbili, waliuongezea muziki wa rebetiko huzuni ya miji waliyoiacha, na mji unaotajwa kwa simanzi hauonyeshi ugomvi wala dhiki zake zote. Mtafiti asiuchukue wimbo wa namna hiyo kama ushahidi wa jinsi nyumbani palivyokuwa. Ni ushahidi wa kile ambacho waliohama walihitaji kukikumbuka pamoja.

Kwa hiyo anayekusanya nyimbo za wahamiaji aandike pia nani alikuwepo, saa ngapi, nani aliitikia kibwagizo na mikono ilikuwa ikifanya nini. Rekodi ya Turner ilihifadhi sauti ya Dawley kikamilifu. Shughuli ambayo wimbo ule uliimbiwa ilijulikana tu baada ya watu kusafiri hadi Senehun Ngola na kumsikiliza Jabati.